Naomba ushauri: picha za hadidiski hazifanani na za klaudi

Habari zenu wanagrupu. Niko Lamu, napiga picha za harusi, kila Ijumaa nakopi folda kwa hadidiski ya nje naipeleka kwa mamangu Shela, na kopi nyingine inapanda klaudi usiku. Juzi nikajaribu kurudisha folda moja kwa leptopu ya ndugu yangu, faili zote ziko na saizi ni ile ile lakini picha kadhaa za hadidiski zinafunguka juu tu, chini kijivu kitupu. Za klaudi ni nzima.

Nimepima moja kwa `certutil -hashfile harusi.jpg SHA256`, leptopu yangu na klaudi namba sawa, hadidiski tofauti, na hata nikibadilisha kebo inatoa namba ile ile mbovu. Je, hadidiski ndiyo inakufa ama kebo ya zamani iliharibu wakati wa kukopi? Na folda nzima nailinganishaje bila kufungua picha moja moja?