Friza, duka au mafuta ya nazi? Niko kijijini Pemba, nina laki 9

Mtoto wa Bondeni
Assalaam aleikum. Kijiji chetu kiko bondeni, wilaya ya Wete, kilomita 6 mpaka kwenye lami. Masika njia inakuwa tope tupu, gari haishuki, mzigo unapanda kwa gari ya ng'ombe au kichwani. Umeme upo lakini unakatika ovyo. Pesa inaonekana kijijini wakati wa karafuu tu. Mwaka huu nimeuza zangu, nikatoa matumizi ya nyumbani, zimebaki 900,000. Nina mawazo matatu: friza ya barafu na samaki, duka dogo, au kukamua mafuta ya nazi na mke wangu. Nataka kusikia waliofanya.

Kijana wa Konde
Friza, ndugu yangu, usifikiri mara mbili. Watoto wa skuli peke yao wanamaliza barafu za ubuyu kabla ya adhuhuri. Umeme usikutishe, weka stabilaiza tu umemaliza.

Fundi wa Chake
Kuhusu barafu za watoto umesema kweli. Stabilaiza lakini haiweki umeme, inasaidia pale umeme unapopanda na kushuka. Ukikatika kabisa, nayo inazimika. Ukitaka friza ifanye kazi gizani ni betri na inveta, na hapo laki 9 haitoshi.

Mtoto wa Bondeni, friza iliyojaa pomoni na haifunguliwi inaweza kushika baridi kama siku 2. Ikiwa nusu, kama siku 1. Lakini ya biashara inafunguliwa kila dakika, kwa hiyo usihesabu hivyo. Weka chupa za maji zilizoganda chini na ubavuni ili isikae tupu. Na fanya hivi: gandisha maji kwenye kikombe, juu yake weka sarafu, kiache humo ndani. Ukirudi kutoka shamba ukikuta sarafu imezama katikati ya barafu, ujue umeme ulikatika muda mrefu, vitu vikayeyuka, kisha vikaganda tena. Samaki wa siku hiyo usimuuzie mtu, hata akiwa mgumu kama jiwe.

Friza nyingi ninazoletewa haziuawi na kukatika kwa umeme, zinauawa na kurudi kwake. Umeme unarudi dhaifu, kompresa inaguna bila kuwaka, inapata moto mpaka inaungua. Ukikatika chomoa. Ukirudi, subiri utulie, dakika 5 hivi, ndipo uchomeke. Sasa, ukiwa shamba nani atachomoa?

Mtoto wa Bondeni
Hapo umenigusa, Fundi. Mchana nyumbani anabaki mama tu, na macho yake hayaoni vizuri.

Mwana Pwani
Kwa nini hufikirii mwani? Huku kwetu kinamama wanalima, hawahitaji umeme wala barabara nzuri.

Mtoto wa Bondeni
Ahsante ndugu yangu, lakini sisi hatuna pwani. Kutoka kwetu mpaka baharini ni mbali kuliko lami.

Maalim wa Mtambile
Mimi nasema la duka kwa sababu nimelifanya, tena kijiji kama chako. Nilianza na bidhaa za 700,000: unga, mchele, sukari, sabuni, viberiti, mafuta. Mwezi wa tatu rafu zimejaa. Ikaja masika, pesa hakuna, na watu hawawezi kuacha kula. Jirani anamtuma mtoto na karatasi: "Maalim, nipe kilo 2, karafuu zikiiva nakulipa." Utamwambia nini? Mwezi wa saba daftari la deni lilikuwa na 430,000, na rafuni chumvi na viberiti.

Wengi walilipa, Mungu awabariki. Lakini faida yangu kwenye kilo ya unga ilikuwa shilingi 100. Mtu mmoja aliyeshindwa kulipa 20,000 alikula faida ya kilo 200. Na mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa mavuno haba hata muaminifu hana cha kukupa, na wote wanakosa kwa pamoja, kwa sababu wote wanategemea mti ule ule.

Ukifungua duka, deni lisipite robo ya mtaji. Likifika hapo, funga daftari, hata kwa shemeji. Na vitu vizito vishushe kabla ya mvua ya mwezi wa tatu, maana nauli ya tope inamaliza faida yote.

Kijana wa Konde
Maalim, si bora uwape pesa mapema, wakulipe kwa karafuu za mtini? Wapo wanaofanya hivyo wametajirika.

Maalim wa Mtambile
Wapo. Lakini kununua matunda ambayo bado hayajapevuka, waulize masheikh kwanza. Mimi siingii huko, na nimeona udugu ukivunjika kwa mti mmoja.

Bi Mkubwa wa Kengeja
Mwanangu wa bondeni, mafuta nimekamua zaidi ya miaka 20, nikupe hesabu ya kweli. Kwa nazi za kwetu, 15 zinatoa lita 1. Ukikuna 60 unapata lita 4. Huku naipata kwa 500, basi ni 30,000. Lita nauza 12,000, jumla 48,000. Toa chupa na kuni 4,000, inabaki 14,000. Hiyo ni kazi ya watu wawili, siku mbili, na mikono inauma. Nazi zikitoka kwenye minazi yenu, hapo inakuwa na maana. Ukinunua zote, unajiajiri kwa ujira mdogo. Karibu na Ramadhani nazi inapanda bei, usikamue, uza nazi zenyewe.

Uzuri wake mafuta hayana haraka. Njia ikiwa tope yanakungoja kwenye dumu, samaki hawakungoji.

Kijana wa Konde
Bi Mkubwa, ukichochea moto mkali si yanatoka upesi, unaokoa na kuni?

Bi Mkubwa wa Kengeja
Yanatoka upesi na yananuka moshi, mwanangu. Kuni zinaokolewa hivi: tui likishachujwa kwenye kifumbu, liache kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi zito limepanda juu, maji yako chini. Teka lile la juu tu ndilo upike, maji umwage. Moto wa wastani, usiache kukoroga. Mwanzo sufuria inapiga kelele, inapasuka pasuka, hayo ni maji. Kelele zikinyamaza na mashata yakawa rangi ya kahawia, epua, usingoje yawe meusi. Ukiepua bado yanapasuka, maji yamebaki, na mafuta yatavunda mapema. Chuja kwa kitambaa kikavu, chupa nayo iwe kavu kabisa. Yakiganda meupe asubuhi ya baridi, hayajaharibika. Waambie wateja mapema, mimi niliwahi kurudishiwa chupa 8 kwa hilo.

Mtoto wa Bondeni
Nimewasoma wote, shukurani sana. Minazi yetu ya urithi ni 22, lakini tunagawana ndugu wanne, kwa hiyo sitapata za kutosha kila mwezi. Friza naiweka pembeni kwanza. Kuanzia kesho naandika kila umeme unapokatika na unaporudi, mpaka mwezi uishe. Mafuta tutajaribu nazi 60 za mwanzo. Bi Mkubwa, hizo lita 4 nitampelekea nani? Wete mjini sina mteja, na hapa kijijini kila nyumba inajikamulia.

Bi Mkubwa wa Kengeja
Wasusi wa nywele, na mama wenye watoto wachanga. Anza na chupa ndogo za robo lita. Lakini Wete siijui, mimi nauza Mkoani. Wenyeji wa huko wamjibu.