Naomba ushauri: pweza amebaki mgumu baada ya dakika 40
Ndugu wapishi, naomba ushauri wenu. Ngisi nimemmudu: vipande vyembamba navikaanga kwa moto mkali kwa dakika 2 tu na kuviepua mara vinapogeuka vyeupe, kwani vikizidi hapo hukakamaa kama mpira, na havilainiki tena mpaka vichemshwe polepole karibu saa nzima. Anayenishinda ni pweza. Juzi nilimchemsha wa kilo 1.5 kwa moto mdogo, nikamwepua baada ya dakika 40. Ncha za minyiri zilikuwa laini, lakini kisu kilikwama pale minyiri inapoungana na kichwa. Je, ilinipasa kumwacha hadi dakika 90, nikipima kwa kisu sehemu hiyo nene? Na aliyekwisha kukatwa, akirudishwa kwenye supu yake, atalainika?