Video ya kwaya ina picha safi lakini sauti hakuna, naomba msaada

Kwaya_Kadutu:
Jambo ndugu zangu. Kwaya yetu hapa Kadutu, Bukavu, iliimba kwenye harusi, na kijana aliyetupiga video akaipandisha YouTube kisha akafuta ile iliyokuwa kwenye kamera. Ni dakika 12. Nataka kuionyesha Jumapili kwenye televizheni ya ukumbi wa parokia, na pale intaneti haifiki. Nilimwomba mwenye kibanda cha kompyuta anishushie kwa `yt-dlp`. Amenipa kwenye fleshi faili moja ya mega 210, jina lake linaishia `.f137.mp4`. Picha ni ya 1080p, nyuso zote zinaonekana. Lakini hakuna hata neno moja la wimbo. Nimeifungua kwenye kompyuta na kwenye telefone, ni kimya. Je, faili imeharibika? Mega ni ghali, sitaki kushusha yote upya.

Mapendo_Nguba:
Angalia kama telefone yako haijaunganishwa na spika ya blutuzi iliyo chumba kingine. Kwangu ilikuwa hivyo, nikatafuta sauti siku nzima.

Kwaya_Kadutu:
Aksanti mama, lakini nyimbo zingine zinasikika vizuri. Ni hii video tu.

Fundi_Birere:
Mimi niko Goma, natengeneza masine. Hiyo ni shida ya kodeki. Faili ina sauti, ila programu yako haijui kuisoma. Weka VLC, itasikika.

Kwaya_Kadutu:
Yaya, ndiyo VLC ninayotumia. Kimya.

Nabintu_Ibanda:
Mwalimu, kabla ya kusakinisha chochote, fungua hiyo video kwenye VLC, kisha bonyeza Ctrl+J. Litatoka dirisha linaloonyesha vilivyomo ndani ya faili. Ukiona mstari wa picha na mstari wa sauti, basi Fundi_Birere ana haki: sauti ipo, haisomeki. Ukiona mstari wa picha peke yake, hakuna programu duniani itakayokupa sauti kutoka kwenye faili hiyo, kwa sababu haimo.

Kwaya_Kadutu:
Nimeona mmoja tu, wa picha, imeandikwa H264.

Nabintu_Ibanda:
Nilidhani hivyo, kwa sababu ya hiyo `f137` kwenye jina. YouTube haiweki video ya 1080p kama faili moja. Picha inawekwa peke yake katika ukubwa mbalimbali, kuanzia ndogo hadi kubwa, na sauti inawekwa peke yake. Ukiwa unatazama na mtandao ukilegea, wanakubadilishia picha iwe ndogo, huku sauti ikiendelea bila kukatika. Tena sauti moja inatosha kuandamana na picha za ukubwa wote, hakuna haja ya kuihifadhi ndani ya kila moja. Programu ya kutazamia ndiyo inayozichukua mbili na kuzichezesha pamoja. Namba 137 ni picha ya 1080p bila sauti. Namba 140 na 251 ni sauti bila picha. Iliyo na vyote viwili ndani ni ile ya 18, lakini hiyo ni 360p, na kwenye televizheni kubwa ya ukumbi itakuwa ukungu.

Sasa, `yt-dlp` inajua kushusha vyote viwili, ila kazi ya kuviunganisha inaifanya programu nyingine, `ffmpeg`. Ikikosekana kwenye masine, inaandika onyo hili na kuacha faili mbili zimekaa kando kando:

```
WARNING: You have requested merging of multiple formats but ffmpeg is not installed. The formats won't be merged
```

Rudi kwa huyo mwenye kibanda, umuulize aliandika amri gani, na kama kwenye folda yake kuna faili nyingine yenye jina lilelile.

Kwaya_Kadutu:
Nimetoka kwake sasa hivi. Aliandika `-f 137+251`. Faili nyingine ipo! Inaishia `.f251.webm`, ni mega 11. Anasema aliiona nyeusi, akafikiri ni takataka, hakuinakili.

Nabintu_Ibanda:
Nyeusi kwa sababu ni sauti tupu. Mwambie asiifute. Sauti ya namna hiyo ni karibu mega moja kwa kila dakika, kwa hiyo hata angekuwa ameifuta ungeshusha hiyo peke yake kwa `-f 140`, ile picha ya mega 210 ungebaki nayo.

Aweke `ffmpeg.exe` kwenye folda moja na hizo faili mbili, azipe majina mafupi, kisha aandike:

```
ffmpeg -i harusi.f137.mp4 -i harusi.f251.webm -c copy harusi.mkv
```

Maneno `-c copy` msiyasahau. Yanaiambia `ffmpeg` ichukue picha na sauti jinsi zilivyo, izipange tu ndani ya faili moja. Inaisha ndani ya sekunde chache hata kwenye masine dhaifu, na ubora haupungui. Msipoyaandika, inaanza kuitengeneza picha upya yote; masine inachemka, muda unakwenda, na kuran ikikatika katikati mnaanza tena. Mkiona inachukua muda mrefu kwa video ya dakika 12, simamisheni, kuna neno limerukwa.

Kisanga_Lushi:
Salamu kutoka Lubumbashi. Mimi shida yangu ni ndugu yake hii. Niliunganisha hivyo hivyo, sauti ipo, lakini inachelewa nyuma ya midomo. Mwanzoni huoni, mwishoni ni kama sekunde nzima.

Fundi_Birere:
Weka `-itsoffset` na kipimo mbele ya faili ya sauti, itasogea.

Nabintu_Ibanda:
Inasogeza yote kwa kipimo kimoja. Ingemfaa kama kuchelewa kungekuwa sawa tangu mwanzo. Kwake kunakua kadiri video inavyokwenda, kwa hiyo ukirekebisha mwisho unaharibu mwanzo. Kisanga, picha na sauti zako zilitoka kwenye chapisho moja kweli? Au sauti uliitoa pengine?

Kisanga_Lushi:
Picha ni ya telefone yangu, sauti ni ya kinasa cha rafiki.

Nabintu_Ibanda:
Basi saa za vifaa viwili hazilingani, na hiyo ni habari nyingine. Huenda pia telefone inabadilisha idadi ya picha kwa sekunde. Fungua uzi wako, utupe matokeo ya `ffprobe` ya faili zote mbili.

Kwaya_Kadutu:
Imeunganishwa! Kwenye kompyuta sauti inatoka, nimesikia hata soprano zetu. Lakini nimeipeleka ukumbini kujaribu, televizheni inaonyesha picha, sauti bado hakuna.

Fundi_Birere:
Sasa ni kodeki.

Nabintu_Ibanda:
Hapo nakubaliana naye kabisa. Sauti ya 251 ni Opus, na televizheni nyingi, hasa za zamani kidogo, haziisomi kutoka kwenye fleshi. Geuza sauti peke yake iwe AAC, picha iachwe:

```
ffmpeg -i harusi.f137.mp4 -i harusi.f251.webm -c:v copy -c:a aac -b:a 128k harusi.mp4
```

Siku nyingine mwambie aandike `137+140` tangu mwanzo. Ile 140 tayari ni AAC, inaingia kwenye mp4 bila kugeuzwa.

Kwaya_Kadutu:
Inasikika ukumbini. Aksanti sana yaya. Kijana wa kibanda ameshaweka `ffmpeg` kwenye masine yake, na anauliza kama inawezekana kufanya hivi kwenye telefone, wateja wake wengi hawana kompyuta.

Nabintu_Ibanda:
Kwa Androidi, ndani ya programu ya Termux, `pkg install ffmpeg`, kisha amri ni zilezile. Ila akague nafasi kwanza: wakati wa kuunganisha unahitaji nafasi ya faili mbili za mwanzo na ile mpya, kwa video yako ni zaidi ya mega 440.