Ushauri: Nimeuza kiwanja milioni 38, dalali nimlipe kiasi gani?

MamaKibada: Habari zenu wakuu. Nimeuza kiwanja changu cha Kibada, Kigamboni, kwa milioni 38. Dalali ni kijana wa palepale mtaani na amehangaika kweli kuleta wateja, sitaki kumdhulumu. Ila hesabu zetu hazikutani.

Kabla hajaanza kazi alinitumia meseji hii: "Mama udalali ni asilimia 10 mpaka mil 10, asilimia 6 mpaka mil 30, ikizidi 30 asilimia 3." Nikamjibu "sawa mwanangu". Hatukuandikiana kingine chochote.

Mimi naona bei imezidi 30, basi ni asilimia 3 ya milioni 38, yaani 1,140,000. Yeye anadai 2,440,000. Jana kaniachia kikaratasi cha daftari la hesabu kina mistari mitatu kwa kalamu nyekundu. Nimekitazama mpaka usiku, sijaona hizo hela zimetoka wapi. Naomba mnisaidie.

Kijana_wa_Ferry: Mama, hakuna mkataba hakuna deni. Meseji si mkataba, hujasaini kitu. Mpe laki tano ya asante, yaishe.

BabaNasra: Mimi nilipouza changu, ofisi ya serikali ya mtaa ndiyo iliyotaka asilimia 10 ili wagonge muhuri. Nilibishana nao wiki nzima. Mama, usikubali hiyo, omba risiti.

MamaKibada: Asante Baba Nasra, pole sana. Huko mtaani sina tatizo, ni dalali tu.

MzeeWaViwanja: Kijana wa Ferry, hapo umepotoka. Kweli, maandishi yaliyosainiwa yangeondoa ubishi. Lakini makubaliano ya kazi kama hii hata ya mdomo yanamfunga mtu, na hapa kuna meseji yenye viwango na jibu la "sawa". Dalali akienda nayo mbele hawezi kurudishwa mikono mitupu.

Sasa Mama, hiyo mistari mitatu ni hivi. Bei inakatwa vipande, kila kipande na kiwango chake. Milioni 10 za kwanza kwa asilimia 10 ni 1,000,000. Kutoka 10 mpaka 30 ni milioni 20, asilimia 6 yake ni 1,200,000. Kilichozidi 30 ni milioni 8, asilimia 3 yake ni 240,000. Jumla 2,440,000. Kijana hajakuongezea hata mia.

Meseji yake ina utata, sikatai. Asingeandika "mpaka", angeandika "za kwanza", "zinazofuata" na "kinachobaki". Lakini ijaribu hesabu yako kwenye mpaka wa milioni 30. Ungeuza 30 kamili, ungemlipa asilimia 6 ya zote, 1,800,000. Ungeuza 31, ungemlipa asilimia 3, yaani 930,000. Kakuletea milioni moja zaidi, halafu ujira wake umepungua karibu nusu! Hakuna dalali anayekubali kazi ya namna hiyo, angemshauri mnunuzi asipandishe bei. Kwa hesabu yake, 30 inampa 2,200,000 na 31 inampa 2,230,000. Bei ikipanda, naye anapanda kidogo.

Kama angeandika "bei yote ikizidi 30 ni asilimia 3 ya bei yote", ningekuwa upande wako.

MamaKibada: Mzee wangu, sasa nimekiona. Mstari wa kwanza ndio 1,000,000 kweli, nami nilidhani ni ada ya kuanzia kazi. Kuna jambo sikulitaja: mnunuzi ametoa milioni 28, milioni 10 atamalizia mwezi wa kumi na mbili. Dalali anataka yote sasa.

DadaMbezi: Mlipe yote. Kazi yake ni kuleta mnunuzi na kamleta, mmeandikishana. Deni la mnunuzi ni lako wewe.

MzeeWaViwanja: Dada, mimi siafiki. Mnunuzi akikwama Desemba, Mama atakuwa amelipia hela ambayo hajaishika. Sisi madalali huwa tunachukua kadiri muuzaji anavyopokea. Kwa 28 ulizopokea, ukifuata vipande vilevile, ni 1,000,000 na asilimia 6 ya milioni 18, jumla 2,080,000. Zinabaki 360,000 za Desemba.

DadaMbezi: Mbona hapo analipwa karibu yote wakati robo ya bei bado iko nje? Gawanya kwa uwiano: 28 juu ya 38 ya 2,440,000, inakuja kama 1,798,000.

MzeeWaViwanja: Hiyo nayo ni haki, na inamlinda Mama zaidi. Meseji haisemi lini wala kwa mafungu gani, kwa hiyo hapo ni kuelewana.

MamaKibada: Nimempigia. Nimemwambia 2,440,000 yake ni sahihi na nimemwomba radhi. Nimemtajia 1,800,000 sasa na 640,000 Desemba, anataka 2,000,000 sasa. Anakuja kesho jioni, safari hii tutaandikishana mbele ya mjumbe.

Kijana_wa_Ferry: Mama, na hela ya Desemba isipoingia?

MamaKibada: Hapo ndipo tulipobishania kwenye simu. Bado hatujaelewana.