Tupeane uzoefu: jian, tiao, zhang au ge, mnachaguaje neno la kuhesabia katika Kichina?

Mwanafunzi_Wuhan: Mwalimu wetu hukubali meza ihesabiwe kwa zhang, lakini kiti, kilicho pembeni yake, anataka kihesabiwe kwa ba. Wenzangu mliotangulia mlizoeaje?

BintiKariakoo: Umenikumbusha safari yangu ya Guangzhou. Nilinunua mashati, na risiti ya duka ikaandikwa 240件, yaani jian 240. Nilipoyapeleka kwa wakala wa mizigo, alinipa karatasi iliyoandikwa 3件. Kaka yangu, aliyekuwa akisubiri Dar es Salaam na anayesoma Kichina kidogo, alipopokea picha za karatasi hizo mbili aliamini kwamba mashati 237 yameibwa, akapiga simu usiku huohuo akitaka niende polisi. Hakuna kilichopotea. Dukani jian ni nguo moja ya kuvaa juu, kwa hiyo waliandika idadi ya mashati. Kwa wakala jian ni furushi moja, na mashati yalikuwa yamefungwa katika marobota matatu ya mashati 80 kila moja. Tangu hapo, nikionyeshwa bei ya jian moja, kabla ya kulipa huuliza ndani yake mna vipande vingapi.

Mzee_wa_Yiwu: Kweli kabisa. Suruali nazo zingeandikwa tiao.

Jongoo77: Mnajisumbua bure. Tumieni ge kwa kila kitu, maana Wachina wenyewe huitumia.

Mwalimu_Asha: Ndugu Jongoo, ge itakufanya ueleweke, lakini si kila mahali. Ukiomba viatu kwa ge, muuzaji hajui kama unataka shuang, yaani jozi, au zhi, yaani kimoja cha mguu mmoja. Kuhusu swali la mwanzo, zhang hufuata uso uliotandazika, ndiyo maana karatasi, tiketi, kitanda na meza viko pamoja. Ba hufuata kitu kinachoshikwa kwa mkono, kama kisu, mwavuli, na kiti ambacho hushikwa kwenye egemeo lake kinapobebwa.

Jongoo77: Basi tiao ni kwa kila kitu kirefu, na kalamu ni tiao.

Mwalimu_Asha: Hapana, kalamu ni zhi, ambayo kwa maandishi si ile ya kiatu, kwa sababu kalamu ni ngumu na nyembamba. Tiao hupenda kirefu kinachopinda: mto, barabara, samaki, suruali. Hata hivyo benchi nalo ni tiao ingawa halipindi, kwa hiyo usiutegemee umbo peke yake. Jifunze neno pamoja na kitu chake.

Salma_Tanga: Mimi hukwama kwenye mbili. Ni er au liang?

Mzee_wa_Yiwu: Mbele ya neno la kuhesabia sema liang, dada: liang jian, liang tiao.

Mwanafunzi_Wuhan: Nashukuru. Je, mbwa? Mwenye nyumba wangu husema tiao, na mkewe husema zhi.

Mwalimu_Asha: Wote wawili husikika. Mimi hutumia zhi.

Mzee_wa_Yiwu: Mimi tiao.