Mwenye nyumba ananidai 480,000 ya ukuta uliovimba, naombeni ushauri

Mpangaji_Tabata: Habari zenu wanajamvi. Nimepanga hapa Tabata tangu 2021 na mwisho wa mwezi nahama. Jana mwenye nyumba kaja kukagua. Ukuta wa chumbani unaopakana na bafu umevimba, rangi inabanduka, plasta ukiigusa inamwagika kama unga. Anataka kukata 480,000 kwenye dipoziti. Mimi nasema huo ni uchakavu tu, nyumba ya zamani. Nani anapaswa kulipa? Usingizi sipati.

Kisiki: Usitoe hata mia. Kodi unalipia nini? Matengenezo yote ni ya mwenye nyumba.

Fundi_Bomba: Si yote, mkuu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtaka mpangaji arudishe nyumba kama alivyoikuta, ila haimbani kwa uchakavu wa kawaida. Rangi kupauka na kitasa kulegea, huo ndio uchakavu. Ukuta kulowa una chanzo, tukijue kwanza. Dada, unyevu umekaaje? Kama umeanzia sakafuni ukatambaa ukuta mzima na kuacha chumvi nyeupe, maji yanapanda kutoka ardhini, hiyo ni kasoro ya ujenzi na ni mzigo wake. Kama ni doa moja lililokolea katikati na kufifia pembeni, nyuma yake kuna bomba linavuja.

Mpangaji_Tabata: Ni doa. Usawa wa bega langu, ukubwa wa sinia.

Mama_Wawili: Pole mdogo wangu. Mimi nilikatwa hela ya fremu ya mlango iliyoliwa na mchwa. Mchwa jamani, niliwafuga mimi? Tangu siku hiyo, kabla sijashusha hata godoro napiga picha kila kona.

Fundi_Bomba: Usawa wa bega mara nyingi hupita bomba la bafu la juu au la hita. Hita ipo? Nani aliifunga?

Mpangaji_Tabata: Ipo. Niliifunga mimi 2023, nilikuwa na mtoto mchanga, maji ya baridi asubuhi yalikuwa mateso. Mwenye nyumba nilimwambia kwa mdomo, akasema sawa. Na ukuta haukuvimba pale pale, ulikaa mwaka mzima, ndiyo maana nasema si hita. Halafu fundi rangi nimeshampa 60,000, kesho anapiga msasa na kupaka, yaishe.

Fundi_Bomba: Mzuie! Rangi juu ya plasta mbichi itavimba tena, na utakuwa umefuta ushahidi kwamba doa ni dogo. Na mwaka mzima si hoja. Tone likivuja ndani ya ukuta, plasta inalinywa taratibu mpaka ishindwe. Fanya hivi leo: funga koki zote, mtu asitumie maji, piga picha mita, ngoja saa moja. Namba zikisogea kuna uvujaji. Kisha funga koki inayoingiza maji kwenye hita, urudie.

Jicho_Kali: Hii chai. Asubuhi "uchakavu tu", jioni hita imezaliwa. Huyu ni mwenye nyumba anatafuta maneno ya kumkatia mpangaji wake.

Kisiki: Hata mimi nimeanza kushtuka.

Mama_Wawili: Hata akiwa yeye, shida ya ukuta ni ile ile. Mwacheni asaidiwe.

Mpangaji_Tabata: Sijatunga. Niliogopa mtaniambia kosa ni langu kabla hamjanisikiliza. Nimepima. Saa nzima mita ilisogea, nilipofunga ya hita ikasimama. Lakini si alikubali niifunge?

Fundi_Bomba: Alikubali hita, hakukubali kiungo kinachovuja. Hapo unabeba. Ila hiyo 480,000 ni ya kazi gani?

Mpangaji_Tabata: Chumba kizima, kuta nne na dari.

Fundi_Bomba: Basi dai mchanganuo. Chako ni kuziba uvujaji, kubandua plasta iliyolegea, kuiacha ikauke, kupiga mpya na kupaka ukuta huo. Kuta tatu na dari zina rangi ya miaka minne, angezipaka hata ungehama bila doa. Mkishindwana, anzeni ofisi ya serikali ya mtaa.

Jicho_Kali: Nina nyumba ya kupangisha. Ukuta mmoja mpya na mitatu iliyopauka havifanani, mpangaji mpya atalalamika. Hiyo tofauti ailipe nani?

Fundi_Bomba: Hapo mtavutana. Mimi ningesema wewe, kwa sababu kupauka hakukuletwa na maji.

Jicho_Kali: Bila hayo maji nisingegusa chumba mwaka huu. Sikubali.

Mpangaji_Tabata: Fundi rangi nimemzuia, ila anasema rangi keshanunua. Kesho saa 3 asubuhi mwenye nyumba anakuja. Sitaificha hita. Nitafunga koki na kufungua mbele yake, aione mita mwenyewe, kisha nimwombe bei ya ukuta mmoja.