Ziara za siku ya wazi chuoni: makundi makubwa kila saa, madogo kila baada ya dakika chache, au waongozaji wasimame vituoni?

Mratibu Mgeni
Wakuu, habari za kazi. Nimekabidhiwa ziara za siku ya wazi na sijawahi kuziratibu, kwa hiyo naomba wazoefu mnisaidie kuchagua.

Waombaji 300 wamejiandikisha. Ziara ni ya dakika 50 kwa miguu: maktaba, maabara ya kemia, madarasa, bweni, viwanja, halafu kurudi ukumbini. Kundi la kwanza linatoka saa 3:00 asubuhi na la mwisho saa 7:00 mchana. Nina wanafunzi 16 waliojitolea kuongoza.

Mezani kuna mapendekezo matatu. La kwanza ni makundi ya watu 40, yanatoka yote kila saa kamili. La pili ni makundi ya watu 12 hadi 15, yanatoka kwa kupishana dakika kadhaa. La tatu ni kuwagawia wageni ramani, wajitembeze wenyewe, na waongozaji wawasubiri vituoni. Bosi wangu anapenda la kwanza kwa sababu ni rahisi kulitangaza. Ninyi mnasemaje?

Bwana Ukumbi
La tatu, bila kujiuliza mara mbili. Waongozaji 10 wanatosha, watu wawili kila kituo, wengine wanapokea wageni getini. Hakuna ratiba, kwa hiyo hakuna kuchelewa. Mgeni anayetaka kukaa maktaba nusu saa akae, asiyetaka apite. Tumefanya hivyo kwetu na hakuna aliyelalamika.

Dada Zamu
Bwana Ukumbi, kwamba unahitaji waongozaji wachache nakubali. Lakini foleni hukuiondoa, umeihamisha tu kutoka mlango wa ukumbi hadi mlango wa maabara, mahali ambapo hakuna hata kiti. Tena mwombaji huuliza maswali yake ya kweli njiani, kati ya jengo na jengo: mlo ukoje, walimu wakoje, usiku kuna usalama? Pale kituoni anasikiliza maelezo ya kifaa na kuondoka. Anayetembea na ramani peke yake hana wa kumuuliza.

Bwana Ukumbi
Chuo chetu kina nafasi kubwa, labda ndiyo maana hatukuona hiyo foleni.

Fundi Foleni
Mratibu, kabla ya kuchagua naomba majibu matatu. Hao 300 ni waombaji peke yao, au umewahesabu na wazazi? Maabara inaruhusiwa watu wangapi kwa mara moja, na kundi linakaa humo dakika ngapi? Bwenini mnaingia chumba kimoja au vingapi?

Mratibu Mgeni
Kwenye fomu tuliuliza "unakuja na watu wangapi", jumla pamoja na waombaji wenyewe ikawa 570. Maabara mwisho ni watu 24, na fundi wa maabara ameandaa onyesho la dakika 8. Bwenini kuna chumba kimoja cha mfano, wanaingia watu 6 kwa mara moja.

Fundi Foleni
Basi kazi yako ni ya watu 570, na anayeipanga si wewe wala bosi wako. Ni mlango wa maabara.

Muulize fundi wa maabara kama hao 24 wanamjumlisha yeye na waongozaji. Mara nyingi kikomo cha chumba kinahesabu kila mtu aliye ndani. Ukimtoa fundi na waongozaji wawili, umebakiwa na wageni 21.

Sasa pima pendekezo la bosi. Watu 570 katika mitoko mitano, saa 3, 4, 5, 6 na 7, ni kama watu 115 kila mtoko, yaani makundi matatu ya karibu 40. Hao 115 wakifika maabara wanaingia kwa awamu sita za watu 21 au pungufu. Kila awamu ni dakika 8, kwa hiyo awamu ya sita inaanza dakika 40 baada ya ile ya kwanza. Ziara ya dakika 50 inakuwa ya saa moja na nusu, na makundi ya saa 4 yanatoka huku baadhi ya wa saa 3 bado hawajamaliza ziara. Hapo sijagusa suala la sauti: mtu mmoja akiongea nje mbele ya watu 40, walio nyuma wanaambulia kuona mikono yake tu.

Kwa hiyo ni pendekezo la pili. Ila muda wa kupishana usiuchague kwa sababu unapendeza kwenye bango. Usiwe mfupi kuliko muda ambao kundi linakishikilia kituo chako chembamba kuliko vyote, kuanzia wa kwanza anapoingia hadi wa mwisho anapotoka. Onyesho likibaki dakika 8, toa makundi kila dakika 10, mawili kwa mpigo, watu 10 kila moja, waingie maabara pamoja. Kuanzia saa 3:00 hadi saa 7:00 una mitoko 25, sawa na watu 500. Kuna 70 wanabaki nje.

Onyesho likifupishwa hadi dakika 4, unaweza kutoa kundi moja la watu 12 kila dakika 5. Hiyo ni mitoko 49, watu 588, na hesabu inatosha.

Waongozaji: mmoja anatembea dakika 50, anahitaji dakika 5 kurejea kwenye meza, na mpe 15 za kunywa maji na kupumzisha koo. Jumla 70. Gawa kwa 5 unapata 14. Wa kwanza anatoka saa 3:00, wa kumi na nne saa 4:05, na saa 4:10 wa kwanza yuko tayari tena. Unabaki na wawili wa akiba. Usiwatume kuongoza. Mmoja akae mlango wa maabara na saa mkononi, mwingine awe tayari kuziba pengo la atakayeugua au kukauka sauti. Kwa mpango huu hakuna atakayeongoza zaidi ya ziara nne, na hata nne ni nyingi.

Mama wa Mwombaji
Samahani, hizo nafasi za saa 3 tunajiandikisha wapi? Mwanangu anataka uhandisi. Mwaka jana tulikwenda chuo kimoja na dada yake, tukachelewa dakika kumi tu, tukaambiwa kundi letu limeshaondoka na mengine yamejaa. Tukarudi nyumbani bila kuona kitu.

Dada Zamu
Mama, hapa tunajadili upangaji tu, pa kujiandikisha ni tovuti ya chuo mnachokitaka. Ila umetukumbusha jambo. Mratibu, usijaze makundi yote kabla ya siku yenyewe. Andikisha watu 10 katika kila kundi la 12, viti viwili viwe vya waliochelewa. Aliyechelewa asiambiwe "nafasi yako imepita", aambiwe "toka na kundi lijalo".

Fundi Foleni
Naunga mkono, lakini kwa hesabu yake kuandikisha 10 kwa mitoko 49 ni nafasi 490 na ana watu 570. Viwili havitawezekana katika kila kundi. Labda aviweke kwenye makundi ya asubuhi, ndiko kwenye wachelewaji wengi.

Mratibu Mgeni
Asanteni sana. Nimeongea na fundi wa maabara, kikomo kweli kinamhesabu yeye na waongozaji. Dakika 4 amezikataa mwanzoni, halafu akasema anaweza kuacha onyesho moja likiendelea muda wote na kila kundi likapita mbele yake. Swali jingine: mkuu wa kitivo cha sayansi anataka waombaji wake waongozwe na wanafunzi wake tu. Nimkubalie?

Kaka wa Bodi
Mkubalie. Mwombaji wa kemia aongozwe na mwanafunzi wa kemia, wa sheria na wa sheria. Hilo ndilo la muhimu kuliko hizi hesabu zote za dakika. Mtu anachagua chuo kwa sababu ya watu aliokutana nao.

Dada Zamu
Kaka, mwisho wa sentensi yako ni kweli, mwanzo wake utamvurugia siku. Akiwagawa waongozaji 14 kwa kozi, saa 3:20 atakuwa na waombaji 30 wa uuguzi wanaosubiri waongozaji wawili, na mwongozaji wa hisabati amekaa hana kazi. Mimi huwa nawaweka waongozaji wote kwenye zamu moja, aliye mbele ndiye anayetoka. Mambo ya kozi nayapeleka mwisho wa ziara: ukumbini kuna meza za kozi, kila meza ina wanafunzi wawili wa kozi hiyo. Huyo mkuu wa kitivo mwombe watu wa meza, si waongozaji.

Jambo moja la kugawa kwa makusudi ni njia isiyo na ngazi. Uliza kwenye fomu, kisha itembee mwenyewe kabla ya siku hiyo, na ujaribu lifti na milango. Kama njia nzima inaweza kukwepa ngazi, ifanye ndiyo njia ya wote. Kumpa mtu wa kiti cha magurudumu ziara yake ya pembeni kunamtenga na wenzake.

Fundi Foleni
Mratibu, umesahau bweni. Ukishafupisha maabara, kituo chembamba kinahamia huko. Watu 12 wakiingia kwa sita sita, dakika 3 kila nusu, ni dakika 6, na makundi yanakuja kila dakika 5. Kila kundi linaongeza dakika moja ya foleni, kwa hiyo kundi la kumi na moja litasubiri dakika 10 kwenye ngazi.

Mratibu Mgeni
Duh. Nitaomba chumba cha pili jirani, nusu huku nusu kule.

Fundi Foleni
Hapo umemaliza, dakika 3 zinatosha wote. Siku yenyewe angalia kitu kimoja. Yule wa mlango wa maabara aandike muda ambao kila kundi linaingia. Makundi hufanya kama mabasi: moja likichelewa, la nyuma linalikuta, na yote mawili yanaendelea yakiwa yameshikana hadi mwisho. Akiona makundi mawili mfululizo yameingia kwa tofauti ya chini ya dakika 3, atume ujumbe mezani na mtoko unaofuata usimamishwe dakika 5. Mwongozaji asiambiwe akimbie. Akikimbia anaacha wazazi njiani.

Mimi huacha pia mtoko mmoja mtupu kila saa, ili ratiba ipate pa kupumulia.

Dada Zamu
Mitoko minne mitupu ni nafasi 48. Kutoka 588 anabaki na 540, na ana watu 570.

Fundi Foleni
Najua. Ziara haina kiingilio, hawatakuja wote. Aangalie daftari la mwaka jana: walioandikishwa wangapi, waliofika wangapi.

Dada Zamu
Na hali ya hewa ikiwa nzuri wakaja wote? Afadhali asogeze mtoko wa mwisho hadi saa 7:20.

Kaka wa Bodi
Na hotuba ya mkuu wa chuo ni saa ngapi? Maana ikiisha, ukumbi mzima unamiminika mlangoni kwa pamoja.

Mratibu Mgeni
Saa 4:00, nusu saa. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Naenda kuuliza kama anaweza kuitoa mara mbili, wengine watembee kwanza na wengine wasikilize kwanza. Nikijibiwa nitarudi hapa.